Jinsi ya Kusoma Mchoro wa Mzunguko wa Krebs Uliopigwa Picha: CO2, NADH, FADH2 na ATP Zinatoka Wapi

Mpwa wangu yuko kidato cha tano, anasoma PCB. Jumapili moja jioni alinitumia picha kwa WhatsApp: ukurasa wa fotokopi uliopigwa kwa simu chini ya taa ya bweni, kivuli cha mkono wake kimelala juu ya pembe ya chini kushoto. Chini ya picha ameandika: "Shikamoo mjomba. Mwalimu anasema mzunguko wa Krebs unatoa CO2 mbili na NADH tatu. Mimi hapa nahesabu CO2 tatu na NADH nne. Na FADH2 siioni kabisa. Nani amekosea?"

Marahaba, nikamwambia, hakuna aliyekosea. Macho yako yameona sawa na mwalimu amesema sawa. Kilichokosekana ni njia ya kuusoma mchoro, na njia hiyo ndiyo ninayoieleza hapa, kwa kutumia picha ileile. Ukiifuata, hata picha ikiwa na giza nusu unaweza kuijaza mwenyewe bila kubahatisha, kwa sababu kaboni na haidrojeni zinahesabika.

Kwanza, uhamishe mchoro kutoka kwenye picha

Kama kitabu bado kiko karibu, piga picha upya. Laza ukurasa mezani karibu na dirisha mchana, shika simu iwe sambamba na karatasi, simama upande ambao kivuli chako hakiangukii maandishi. Kitabu kinene hujikunja katikati, na maneno yaliyo karibu na mshono hupotea. Kibonyeze kwa kitu kizito au omba mwenzako akishike.

Kama huna kitabu, kama ilivyokuwa kwa mpwa wangu, chukua karatasi nyeupe na uchore duara kubwa. Andika majina ya asidi tu, kwa mpangilio wa mishale mikubwa. Usiandike CO2 wala NADH yoyote kwa sasa. Hili ni muhimu, kwa sababu mchoro wa kitabuni umejaa mishale midogo inayotoka na kuingia, na ukiianza hiyo kabla ya kujua duara lenyewe linakwendaje, utapotea.

Kwenye picha yake majina yaliyosomeka yalikuwa haya, kuanzia juu na kuzunguka kama mshale wa saa: oksaloaseteti, sitreti, isositreti, alfa-ketoglutareti, saksinili-CoA, saksineti. Baada ya hapo kivuli, kisha maleti, kisha unarudi kwenye oksaloaseteti. Kuna jina moja limefichwa kati ya saksineti na maleti. Tutalipata.

Pili, tafuta mlango wa duara

Hapa ndipo swali lake la kwanza lilipojibiwa. Juu kabisa ya picha, nje ya duara, kulikuwa na piruveti. Mshale unashuka kutoka kwenye piruveti hadi asetili-CoA, na pembeni ya mshale huo kuna CO2 moja inayotoka na NADH moja. Kisha asetili-CoA ndiyo inayoingia kwenye duara kwa kuungana na oksaloaseteti.

Kipande hicho cha juu si mzunguko wa Krebs. Ni hatua ya kuunganisha, daraja kati ya glaikolisisi inayofanyika kwenye saitoplazimu na mzunguko unaofanyika ndani ya mitokondria. Vitabu vingi huvichora pamoja kwa kubana nafasi, na mwanafunzi anayehesabu kila CO2 iliyo kwenye ukurasa atapata tatu daima. Mzunguko unaanzia pale asetili-CoA inapogusa duara. Chora mstari wa penseli hapo. Kila kilicho juu ya mstari kihesabu kando.

Mpwa wangu alipochora mstari ule, CO2 moja na NADH moja zilibaki nje. Tatu ikawa mbili, nne ikawa tatu.

Tatu, andika idadi ya kaboni kwenye kila kisanduku

Sasa tunatafuta CO2 imetoka wapi hasa. Usitazame mshale uliochorwa, tazama idadi ya kaboni. Kaboni haiwezi kupotea hivihivi. Ikipungua moja, imetoka kama CO2.

Asetili ina kaboni 2, oksaloaseteti ina 4, zikiungana unapata sitreti yenye 6. Isositreti nayo ina 6, kwa kuwa ni sitreti ileile iliyopangwa upya: kundi la OH limehamishwa kutoka kaboni moja hadi ya jirani. Alfa-ketoglutareti ina 5. Saksinili-CoA ina 4 (koenzaimu A yenyewe hatuihesabu, ni mshikio tu). Saksineti 4, jina lililofichwa 4, maleti 4, oksaloaseteti 4.

Soma mfuatano huo kwa sauti: sita, sita, tano, nne, nne, nne, nne, nne. Namba inashuka mara mbili tu. Mara ya kwanza ni kutoka isositreti kwenda alfa-ketoglutareti, mara ya pili ni kutoka alfa-ketoglutareti kwenda saksinili-CoA. Hapo ndipo CO2 mbili zinapotoka, na hakuna nyingine popote kwenye duara.

Kwenye nakala yake, mpwa wangu alikuwa ameiweka CO2 ya kwanza kati ya sitreti na isositreti. Nikamuuliza: sita ukitoa moja ni sita? Akafuta mwenyewe. Kosa hili ni la kawaida sana, maana kwenye michoro mingi mshale wa CO2 huchorwa kwa kuinama na mkia wake hukaa karibu na kisanduku kisicho chake. Picha ikiwa na ukungu kidogo, mkia haujulikani unaanzia wapi. Namba za kaboni zinajulikana.

Kuna jambo hapa ambalo huwachanganya hata walio mbele kimasomo, na ningependa ulielewe vizuri. Zimeingia kaboni 2 kutoka asetili, zimetoka kaboni 2 kama CO2, kwa hiyo ni rahisi kudhani zilizotoka ndizo zilizoingia. Sizo. Watafiti waliweka alama kwenye kaboni za asetili kwa kutumia isotopu na kuzifuatilia: katika raundi ya kwanza, CO2 zote mbili zinatoka kwenye zile kaboni 4 za oksaloaseteti. Kaboni za asetili zinabaki ndani na huanza kutoka raundi zinazofuata. Hesabu inalingana, lakini kaboni zenyewe si zilezile. Kwa hiyo ukiulizwa "ngapi zinatoka", jibu ni mbili. Ukiulizwa "zimetoka kwa nani", usiseme asetili ya raundi hiyo.

Nne, hesabu haidrojeni

Kaboni imetupa CO2. Vibebaji, yaani NADH na FADH2, tunavipata kwa haidrojeni. NAD+ ni kibebaji kitupu. Inapopokea elektroni mbili na haidrojeni moja inakuwa NADH, na haidrojeni ya pili inabaki pembeni kama H+. Ndiyo maana vitabu vingine huandika "NADH + H+", vingine "NADH2", na michoro ya zamani huandika "2H" peke yake. Yote ni kitu kimoja: jozi moja ya haidrojeni imeng'olewa kwenye asidi. Ukikuta "NADH + H+" usihesabu vitu viwili.

Kwa hiyo swali ni: jozi za haidrojeni zinang'olewa wapi? Hizi hapa fomula za asidi zenyewe, ndiyo maana majina yanaishia -iki badala ya -eti: sitriki ni asidi ya sitreti, saksiniki ya saksineti, na kadhalika. Saksinili-CoA nimeiruka kwa sababu si asidi huru, tutairudia.

```
sitriki               C6H8O7
isositriki            C6H8O7
alfa-ketoglutariki    C5H6O5
saksiniki             C4H6O4
(iliyofichwa)         ?
maliki                C4H6O5
oksaloasetiki         C4H4O5
```

Anza na isositriki kwenda alfa-ketoglutariki. Toa CO2 kwenye C6H8O7, unabaki na C5H8O5. Lakini kisanduku kinachofuata ni C5H6O5. Haidrojeni mbili zimekwenda wapi? Zimechukuliwa na NAD+. Hiyo ni NADH ya kwanza.

Hatua inayofuata, alfa-ketoglutariki hadi saksiniki kupitia saksinili-CoA. Toa CO2 kwenye C5H6O5, unabaki na C4H6O3. Saksiniki ni C4H6O4, ina oksijeni moja zaidi. Kihesabu oksijeni hiyo ni kama imeletwa na molekuli ya maji, na maji huja na haidrojeni mbili. Haidrojeni hizo hazionekani kwenye saksiniki, maana jozi moja imechukuliwa. NADH ya pili.

Angalia kwamba NADH mbili za kwanza zimetoka palepale zilipotoka CO2. Ukiona CO2 ndani ya duara, NADH iko jirani yake. Kinyume chake si kweli, kama utakavyoona.

Sasa ruka hadi mwisho: maliki C4H6O5, oksaloasetiki C4H4O5. Kaboni hazikupungua, oksijeni hazikubadilika, haidrojeni mbili hazipo. NADH ya tatu, bila CO2.

Limebaki lile giza.

Tano, jaza pembe iliyofichwa

Tunajua kabla ya kivuli kuna saksiniki, C4H6O4, na baada yake kuna maliki, C4H6O5. Tofauti ni oksijeni moja tu. Mtu wa haraka atasema oksijeni imeingia, atachora mshale wa O2. Usifanye hivyo. Hakuna hatua hata moja ya mzunguko wa Krebs inayotumia oksijeni ya hewa moja kwa moja.

Oksijeni hiyo imeingia ikiwa ndani ya maji. Lakini H2O ikiingia kwenye C4H6O4 unapata C4H8O5, na maliki ni C4H6O5, kwa hiyo lazima jozi ya haidrojeni iwe imetoka. Hatua ni mbili: kwanza saksiniki inapoteza haidrojeni mbili na kuwa C4H4O4, kisha hiyo inapokea maji na kuwa C4H6O5. Asidi yenye C4H4O4 ni fumariki, na jina lililofichwa chini ya kivuli ni fumareti. Jozi iliyotoka kati ya saksineti na fumareti ndiyo FADH2 ambayo mpwa wangu hakuiona.

Kwa nini FAD na si NAD+? Tazama haidrojeni zilikuwa zimekaa wapi. Kwenye isositreti na maleti, zinang'olewa kwenye kaboni iliyoshika OH. Kwenye saksineti zinang'olewa kwenye kaboni mbili za kati zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe, na kinachobaki ni kifungo maradufu. Kitendo hiki hutoa nishati kidogo, haitoshi kumpakia NAD+. FAD inakubali kwa bei ndogo zaidi.

Kuna tofauti nyingine ambayo mchoro hauonyeshi. NADH huachia kimeng'enya chake na kuelea kwenye majimaji ya ndani ya mitokondria hadi kwenye mnyororo wa elektroni. FADH2 haielei. Imeshikamana na kimeng'enya, saksineti dihaidrojenesi, na kimeng'enya hicho kimejengwa ndani ya utando wa ndani wa mitokondria kama sehemu ya mnyororo wenyewe. Mshale wa FADH2 unaotoka nje ya duara kama wa NADH ni urahisi wa mchoraji tu.

Sita, nishati inayotoka moja kwa moja

Turudi kwa saksinili-CoA. Kifungo kinachoshikilia saksinili na koenzaimu A kina nishati nyingi. Kinapovunjwa, nishati hiyo inatumika kuunganisha fosfeti na GDP, unapata GTP, au na ADP, unapata ATP. Kitabu kimoja kikiandika GTP na kingine ATP, vyote viko sawa: kimeng'enya hiki kina aina mbili, na GTP hugeuzwa ATP kwa urahisi bila hasara. Usiziandike zote mbili kana kwamba ni mazao mawili. Ni moja, na mahali pake ni kati ya saksinili-CoA na saksineti.

Wanafunzi wengi hutafuta ATP nyingi ndani ya duara kwa sababu wamesikia mzunguko huu "unatoa nishati". Ndani ya duara kuna hiyo moja tu. Nishati nyingine imo kwenye jozi za haidrojeni, na itageuka ATP baadaye kwenye mnyororo wa elektroni, oksijeni ikiwepo. Kwa makadirio yanayotumika sasa, NADH moja huzaa ATP 2.5 na FADH2 moja 1.5. Kwa raundi moja: NADH tatu ni 7.5, FADH2 ni 1.5, ile ya moja kwa moja ni 1. Jumla 10. Vitabu vya zamani hutumia 3 na 2, kwa hiyo vinapata 9, 2 na 1, jumla 12. Kabla ya kujibu swali la aina hii, angalia kitabu chako kinatumia makadirio yapi na ushike hayo hadi mwisho. Kuchanganya 2.5 kwa NADH na 2 kwa FADH2 ndiko kunakoleta jumla za ajabu.

Saba, pima hesabu nzima

Karatasi ikishajaa, kuna kipimo cha kujua kama kuna mshale uliosahauliwa. Chukulia kilichoingia ni asidi asetiki, ileile iliyomo ndani ya siki, C2H4O2. Ukiijumlisha na oksaloasetiki C4H4O5 unapata C6H8O7, sitriki kamili. Duara likizunguka hadi mwisho, oksaloasetiki imerudi ilivyokuwa, kwa hiyo yote yaliyotokea yanaandikwa hivi:

```
C2H4O2 + 2H2O → 2CO2 + 8H
```

Haidrojeni nane ni jozi nne: NADH tatu na FADH2 moja. Karatasi yako ikiwa na jozi tatu au tano, rudi ukatafute. Na ona haidrojeni hizo zimetoka wapi: nne za asetiki, nne za maji. Oksijeni zilizomo kwenye CO2 vilevile, mbili za asetiki na mbili za maji. Ile oksijeni unayovuta puani haimo kabisa kwenye CO2 hii. Yenyewe inakwenda mwisho wa mnyororo wa elektroni na kuwa maji. Sentensi "oksijeni inaungana na kaboni kutengeneza CO2 katika mzunguko wa Krebs" huandikwa na wanafunzi wengi, na kipimo hiki kinaonyesha kwa nini si sahihi.

Hata hivyo oksijeni ikikosekana mzunguko unasimama, kwa sababu NADH na FADH2 hazina pa kushushia mzigo, NAD+ tupu inaisha, na isositreti haina wa kuipokonya haidrojeni zake.

Ukiulizwa kwa glukosi moja, zidisha mara mbili, maana glukosi hutoa piruveti mbili, hivyo asetili mbili. Mzunguko: CO2 4, NADH 6, FADH2 2, ATP 2. Ile CO2 uliyoiacha juu ya mstari wa penseli nayo inakuwa 2, na jumla ni 6, sawasawa na kaboni 6 za glukosi. Lakini angalia kwanza mchoro wako: baadhi ya vitabu vimeshaandika "×2" pembeni, au "2CO2" kwenye kila mshale. Ukizidisha tena utapata CO2 12 kutoka glukosi yenye kaboni 6.

Swali la kujipima

Mwaka 1937, pale Sheffield, Uingereza, Hans Krebs na William Johnson walifanya majaribio kwa msuli wa kifua cha njiwa uliosagwa. Mojawapo ya vitu walivyotumia ni maloneti, kemikali inayofanana na saksineti kwa umbo. Inakaa kwenye saksineti dihaidrojenesi na kuizuia isifanye kazi. Nilimtumia mpwa wangu swali hili: tuseme maloneti imewekwa, asetili moja imeingia na oksaloaseteti moja ipo. Nini kitarundikana, na umepata nini hadi hapo?

Alichukua karatasi yake, akaweka kidole kwenye sitreti na kuzunguka. Baada ya dakika kama kumi akajibu: "Saksineti inarundikana. CO2 zote mbili zimeshatoka. NADH mbili, ile ya maleti haipo. FADH2 hamna. GTP moja ipo. Na oksaloaseteti hairudi, kwa hiyo asetili ya pili ikija haina pa kuingilia."

Hiyo sehemu ya mwisho sikuwa nimeiuliza. Krebs na Johnson waliiona pia: msuli wenye maloneti ukiongezewa oksaloaseteti, unaendelea kutengeneza saksineti hata kama njia ya kutoka kwenye saksineti imefungwa. Kama ingekuwa njia iliyonyooka yenye mwanzo na mwisho, isingewezekana. Inawezekana tu kama oksaloaseteti inafika saksineti kwa kuzungukia upande wa pili, kupitia sitreti.